Inchi Moja ya Marehemu Saidi

Fundi Shafiq wa Nyamirambo alikuwa na vitu viwili vya kujivunia: cherehani ya marehemu baba yake, Mzee Saidi, na video yake ya Yutubu iliyotazamwa mara elfu arobaini na moja. Cherehani aliisifu kwa wageni. Video aliisifu kwa kila mtu, hata kwa madereva wa mabosi wa Kiyovu walioleta suruali ya kupunguzwa tu. Dereva amekuja na haraka zake, anaondoka anajua kukata kanzu.

Video iliitwa "Jinsi ya kukata kanzu ya mtu mzima, hatua kwa hatua". Jina hilo hakulitunga yeye. Lilitungwa na Gaju, binti wa kaka yake, aliyekuwa akipiga picha za harusi Kimihurura na kusimamia chaneli ya tonto wake, yaani baba yake mdogo, siku za mapumziko. Shafiq alitaka iitwe "Fundi Mkuu Asiyeshindwa". Gaju akacheka mpaka akakaa chini. "Tonto, nani ataamka asubuhi aandike hayo? Mtu anaandika anachotafuta."

Na kweli watu waliandika, wakaja. Wa Kigoma, wa Bujumbura, wa Goma. Katika hao wote, Shafiq alimsubiri mmoja. Huyo alikuwa Nyirarukundo, mwanamke aliyetoboa na kushona vitundu vya vifungo katika duka la Mzee Saidi wakati Shafiq mwenyewe bado anatumwa chai. Alihamia Kigoma, wakapotezana miaka zaidi ya thelathini. Kisha siku moja, chini ya video, yakatokea maneno: "Wewe si Shafiq uliyekuwa unalalia marobota ya kanzu? Meza hiyo naijua. Kona ile ina alama ya pasi niliyoiunguza mimi."

Shafiq alisoma, akaenda kona ya meza, akaitia kidole ile alama.

Tangu hapo wakawa wanaongea hapo hapo chini ya video. Nyirarukundo hakuwa na simu yake. Aliazima ya mjukuu kila alipopata nafasi, akaandika jina la video, ikatokea, akaweka neno lake, akarudisha simu. Namba alikataa kutoa: "Simu si yangu, mtanisumbulia mtoto." Alimkumbusha harufu ya mafuta ya mashine, redio iliyoimba mpaka betri zikaanikwa juani, Mzee Saidi akifunga duka kwa swala ya Ijumaa huku wateja wakilalamika barazani. Shafiq alimjibu kwa kidole kimoja, neno kwa neno, akitoa ulimi.

Basi hapo ndipo Munyakazi alipoingia.

Munyakazi ni fundi wa Rwamagana. Alikuja na mfuko, akatoa kanzu, akaivaa bila kuomba ruhusa. Shingo yake ilikuwa pana, bega moja likachungulia nje.

"Fundi, nimekata kumi na mbili namna hii," akasema. "Za madrasa. Nimefuata video yako, neno kwa neno."

"Umeifuata kwa macho au kwa pua?" Shafiq akamtania. "Shingo ni inchi tatu kwenye kitambaa kilichokunjwa."

"Umesema nne."

"Mimi? Niseme nne?"

Gaju, aliyekuwa dukani siku hiyo, akafungua simu. Shafiq wa kwenye video akaweka futi yake ya kupimia kwenye kitambaa na kutamka wazi kabisa, kwa madaha: "Nne!"

Shafiq akaitazama futi iliyokuwa shingoni mwake. Ilikuwa ya baba yake. Ncha yake ilichakaa zamani sana, Mzee Saidi akaikata inchi ya kwanza, na tangu siku hiyo katika duka lile kila mtu alipima kuanzia namba moja, akaondoa moja kichwani. Ukisoma nne, ujue ni tatu. Walizoea hivyo kama watu wanavyozoea ngazi mbovu nyumbani kwao. Lakini mbele ya kamera alisoma kilichoandikwa, kichwa kikasahau kuondoa. Na kwa kuwa kitambaa kimekunjwa, inchi moja ya kosa ikafunguka kuwa mbili.

Alimkatia Munyakazi viraka vya kuzibia shingo zote kumi na mbili, bure, huku akimwambia kwamba mafundi wa Rwamagana wana bahati kutembelewa na akili yake.

Munyakazi alipoondoka, Gaju akasema, "Turekodi upya. Hii ya zamani tuifute."

"Andika tu kwenye maelezo kwamba shingo ni tatu."

"Nimeandika sasa hivi, lakini nani anasoma maelezo mkasi ukiwa mkononi? Na Yutubu hawaruhusu kuweka filamu mpya mahali pa ile ya zamani, Tonto. Ni kupandisha nyingine. Linki mpya, watazamaji kuanzia sifuri."

"Na maneno ya Nyirarukundo?"

"Yanaondoka na video. Ikishafutwa hairudi."

"Basi haifutwi."

"Tonto, kila siku inayokaa, kuna Munyakazi mwingine."

Shafiq alijua. Alikunja ile futi, akaikunjua, akaikunja tena.

Wakarekodi upya, kwa futi mpya. Hapo Shafiq akapata wazo: kwa kuwa ni video mpya, ipate na jina jipya, hata "Shafiq Arudi kwa Kishindo".

"Oya!" Gaju akakataa. "Jina linabaki lile lile. Ndilo watu wanaloliandika, ndilo limeleta elfu arobaini. Nitaongeza neno moja tu mwishoni: 'imesahihishwa'. Na huyo bibi yako wa Kigoma, ataandika nini kwenye simu ya mjukuu?"

Hilo Shafiq hakuwa amelifikiria, ingawa baadaye aliwaambia watu ni wazo lake.

Gaju alipandisha mpya kwanza, ili apate linki yake. Akaiweka juu kabisa ya maoni ya video ya zamani: "Shingo ni inchi TATU. Msikate kwa hii, nendeni kwenye mpya." Akamjibu Nyirarukundo hivyo hivyo. Akabadilisha linki katika maelezo ya video nyingine zote, akatangaza kwenye chaneli na kwenye vikundi vya mafundi vya WhatsApp, maana linki ya zamani waliyotumiana huko ingekufa. Wakasubiri siku mbili. Nyirarukundo hakutokea.

Siku ya tatu Gaju akapiga picha maneno yote ya bibi yule, akampa Shafiq simu. "Bonyeza mwenyewe."

Akabonyeza. Elfu arobaini na moja zikaondoka kama mvuke wa pasi.

Wiki mbili Shafiq alikuwa mtu wa kuchunguza simu kuliko kitambaa. Video mpya ilipanda polepole, mia, mia tano, elfu mbili. Maoni yalikuja ya watu wengine. Aliyajibu kwa adabu isiyo ya kawaida yake.

Kisha, Ijumaa baada ya swala, Gaju akamsomea:

"Nimeandika jina la siku zote. Yale yetu siyaoni, nikadhani umenifuta. Nikaona umesema tatu, nikacheka peke yangu. Hiyo inchi baba yako aliyoikata ninayo. Aliniachia nifungie ufunguo wa kabati. Bado ipo na ufunguo."

Shafiq akavaa miwani, akaichukua simu. Akaanza kujibu kwa kidole kimoja, ulimi nje: "Futi iliyobaki kwangu inaanzia moja mpaka leo."