Nyota Nne za Idda

Hajira binti Awadhi hakuwa na cheti cha kompyuta. Mimi Idda nilikuwa nacho, nilikitafuta kwa jasho kutoka Ipelele hadi Njombe. Yeye alilelewa Makambako, kwenye ofisi ya malori ya baba yake, akiwaelekeza madereva kwa simu zinazokatakata. Tukaajiriwa wiki ileile, katika kampuni ya umeme wa jua, kujibu wateja wanaotuandikia. Nilimwonea wivu tangu siku ya kwanza, na sioni sababu ya kuficha.

Lakini majibu yangu ndiyo yaliyopendeza. Nilikoleza maneno muhimu, nikachora majedwali, nikawaambia watu "bonyeza kitufe cha kijani hapo chini." Ya Hajira yalikuwa makavu kama makande bila chumvi. Iliposemekana kwamba Njombe itafunguliwa ofisi na mmoja wetu ataiongoza, niliona nimeshafika. Nilianza hata kuulizia vyumba vya kupanga.

Siku moja ya Alhamisi, meneja wetu, Bwana Lukas, akatutumia tangazo la ndani. Zamani kila ujumbe ulifika na alama ya programu ambayo mteja anatumia kuchati. Sasa ujumbe wote ungepitia mtambo mmoja, na mahali pa alama ile pangeandikwa: haijulikani. Tangazo likaeleza yanayobadilika. Tusikoleze maneno kwa nyota, kwa kuwa kwenye simu nyingine nyota hazigeuki wino mzito, zinabaki nyota. Tusichore majedwali. Tusitaje rangi wala vitufe vya skrini ya mteja, maana hatuvioni. Hatua zianze na kwanza, pili, tatu. Namba ya kufungulia betri ikae kwenye mstari wake peke yake, isiguswe na alama yoyote. Mwishoni aliandika: "Haijulikani haimaanishi kwamba simu ya mteja ni mbovu. Inamaanisha sisi hatujui."

Nililisoma mara mbili. Kila kilichokatazwa kilikuwa changu, na kila kilichoagizwa, Hajira alikuwa akikifanya tangu zamani bila kuambiwa na mtu.

"Limekufaa wewe hilo," nilimwambia.

"Mimi nimezoea tu, dada Idda," akasema. "Dereva wa baba akiwa Ilembula sijui ameshika simu gani, wala kama ananisikia vizuri. Basi nasema kama vile hasikii."

Hata jibu lake lilinikera. Mtu akishinda, angalau ajisifu kidogo, mwenzake apate la kusema.

Jumamosi kabla ya Pasaka akaandika Basil, kinyozi wa Lupingu. Amebadilishiwa betri, anataka namba ya kuifungulia, na wateja wamejaa kwenye benchi. Nilijua sheria. Nilijua pia kwamba Bwana Lukas siku ile alikuwa akisoma majibu yetu, achague wa kwenda Njombe, nami nikataka langu lionekane. Nikaiandika namba, nikaizungushia nyota mbili mbele na mbili nyuma. Kwenye skrini yangu ilitoka nene, ya kupendeza.

Baada ya dakika chache Basil akaandika tena: "Inakataa." Nikamtumia ileile, kwa nyota zilezile. Ikakataa mara tano, betri ikajifunga saa nzima.

Hajira akachukua simu, akampigia. "Kaka Basil, nisomee ulichobonyeza, kimoja kimoja."

Nilimsikia Basil kutoka nilipokaa. "Nyota, nyota, nne, nne, saba..." Akamaliza namba yote, kisha, "nyota, nyota, reli."

Kwenye vitufe vya betri ile, nyota hufuta na alama ya reli hutuma. Maskini alikuwa akiandika namba sahihi, akaifuta mwenyewe kwa nyota zangu, akatuma patupu. Hajira hakunitazama. Alimwambia asubiri saa iishe, akamwandikia namba tupu kwenye mstari wake. Benchi la Basil lilikuwa limeshabaki tupu.

Jumanne Hajira akapewa Njombe. Nilimpa mkono. Ulikuwa mzito kuuinua.

Wiki iliyofuata Bwana Lukas akanipa tangazo nilisome kwa wafanyakazi wapya. Lilikuwa limeongezwa mfano wa kosa, nyota nne na namba ya Basil, bila jina la aliyeandika.

"Nilitaka kuliweka jina lako," akaniambia. "Hajira ndiye aliyeniomba nilitoe, kabla hajaondoka."

Nikasimama mbele ya wageni, nikasoma. Nilipofika kwenye mfano mmoja wao akacheka, akauliza ni nani huyo. Kwa wema wa Hajira ningeweza kunyamaza, nikabaki nadaiwa naye maisha yangu yote.

"Ni mimi," nikasema, nikaendelea kusoma.