Tupa Ilipoula Ufunguo

Fundi anayekunolea kisu, umewahi kumuuliza jina lake?

Hujawahi. Basi hata huyu hakuulizwa. Sokoni walimwita Kiguu na Njia, naye akaitikia. Baiskeli yake ilikuwa karakana nzima: jiwe la kunolea mbele, linalozungushwa kwa pedali, jiliwa dogo la kubania funguo kwenye usukani, na nyuma rundo la mbavu za miavuli mikuukuu zikichomoza kama miiba ya nungunungu. Kila soko alilipitia kwa kelele moja, "Visuuu! Mikasi! Funguo! Miavuli!" na halikumwona siku ya pili. Akisimama sana, nyayo humwasha. Tena huwakimbia mgambo: mtu mwenye duka la vioo wao humpigia saluti, na mtu mwenye duka la magurudumu mawili humpigia filimbi. Haki gani hiyo?

Mchana ule alikuwa amemaliza mkasi wa fundi cherehani, mama mnene mwenye futi ya kupimia shingoni. Alikuwa ameunoa ukingo wa nje tu, maana upande wa ndani ukiguswa na jiwe mkasi hutafuna nguo badala ya kukata. Mama akaujaribu kwenye kitambaa chenye maji, ukapita kama umeitwa.

"Haya, na ufunguo huu nichongee mwenzake," akasema. "Ninao huu mmoja tu. Kibanda nimeshakitia kufuli, naenda kununua lesi. Gauni la bibi harusi limo ndani, pindo bado, na kesho asubuhi anaolewa."

Kiguu na Njia akabana funguo mbili pamoja kwenye jiliwa, wa zamani ukiwa kielelezo, mpya ukisubiri meno. Filimbi ikalia nyuma ya mabanda ya viazi. Akakaza jiliwa nusunusu, akakimbiza tupa ya kuchongea meno, macho yake yako kwenye kona.

Mama akarudi na lesi. Ufunguo mpya haukufungua kufuli. Akatia wa zamani. Nao ukagoma.

"Fundi, ni nini tena?"

Akaziinua funguo zote mbili juani. Zilifanana kama pacha. Akazichungulia tena: jino la tatu la ufunguo wa zamani liling'aa shaba mpya. Funguo ziliteleza kwenye jiliwa, na tupa ikang'ata kielelezo pamoja na nakala.

Maneno yalikuwa tayari ulimini: kufuli lako limezeeka, mama. Nani angejua? Mguu mmoja ulikuwa kwenye pedali.

"Mama," akasema, "tupa imeula ufunguo wako. Ni mimi."

"Mungu wangu! Likate kufuli basi!"

"Chuma chake kigumu, msumeno utateleza. Mchomelea vyuma ana mashine, lakini umeme hakuna. Nipe nafasi."

Akatoa ufunguo usiochongwa, akausugua kwa msasa mpaka ukang'aa. Akautia kufulini, akaukaza kwa nguvu, akautikisa juu chini, akauchomoa. Vijipini vya ndani ya kufuli vilikuwa vimeacha vidoa, vidogo kama haja ya sisimizi. Penye kidoa, akapitisha tupa mara moja. Akarudia. Kidoa kikikoma kuonekana, pini hiyo imepata kimo chake, anahamia nyingine. Manyunyu yakaanza, mama akafungua mwavuli wake na kumkinga. Nyayo zilimwasha, akazikanyaga moja kwa nyingine.

"Mwizi huyo!" akapaza sauti muuza nyama, aliyenolewa visu vyake asubuhi ileile. "Anachezea kufuli!"

Watu wakajaa. Mgambo akaja na filimbi yake mdomoni.

"Mwizi gani huyo anayeshikiwa mwavuli na mwenye mali?" mama akafoka. "Wewe muuza nyama, rudi kwa mifupa yako! Na wewe baba wa filimbi, unamzibia mwanga!"

Kicheko kikalipuka. Mgambo akasogea kando, akabaki akichungulia. Zamu kwa zamu, kidoa kwa kidoa, jua likaanza kuzama. Akikata zaidi ya unywele, anaanza upya na ufunguo mwingine.

Kufuli likasema ta! na kufunguka.

"Haya, ondoka, watu wasikutazame kama mwizi," mama akasema, tayari ana sindano mdomoni. Fundi hakuondoka. Alilala kwenye ukumbi wa gulio, akigeuka usiku kucha, akitaka kujua pindo limefika wapi.

Asubuhi akaona. Bibi harusi alitoka nyumba ya pili kutoka sokoni akikimbilia gari, mashangazi wakimhimiza, na nyuma yake, ameinama nusu, yule mama akikimbia naye huku anashona. "Simama, mwanangu, sekunde mbili tu!" Hakusimama. Wakaingia garini wote wawili, mlango ukabanwa, gari likaondoka na sindano ingali pindoni.