Vumbi la Mbao Nyingine

Kwa muda wa miezi mingi Inshirah alikula deni akidhani anakula jasho la mumewe.

Kila jioni Wagdi alirudi kutoka karakana yake ya samani, huko nyuma ya soko la Dumyati, Misri, akaweka pesa juu ya friji, akavua shati. Inshirah alilichukua shati hadi roshani, akalikung'uta. Vumbi la mbao likaruka, likashuka taratibu kwenye nguo zilizoanikwa na jirani wa chini, naye jirani akapaza sauti yake ya kila siku: "We Mama Samah! Hilo vumbi unataka nilipikie mchuzi?" Inshirah alicheka. Siku imekwisha salama, na nyumba ina riziki.

Jioni moja ya majira ya baridi vumbi lile lilikataa kuruka. Liliganda kwenye viganja vyake kama unga, la rangi ya kijivu, na lilinuka gundi. Inshirah alizaliwa na seremala, akalala utotoni juu ya magunia ya vumbi la mbao. Alijua zani, ile mbao yenye wekundu ambayo Wagdi aliichonga nakshi za makochi ya maharusi. Alijua pia mbao za kushindilia, za unga wa mbao na gundi, ambazo Wagdi aliziita karatasi iliyojipa cheo, na aliapa kwamba hazitavuka mlango wake.

"Baba Samah," alisema akirudi ndani, "siku hizi unapasua mbao za kushindilia?"

"Mimi? Mungu apishe mbali. Zani tupu."

Alijibu haraka mno. Kesho yake Inshirah alifunga maharagwe na mkate katika kitambaa, akampelekea chakula cha mchana bila kumwambia.

Karakana ilikuwa imefungwa. Kufuli lilikuwa na kutu. Kutoka karakana ya jirani, ya Sabri, ilitoka kelele ya mashine, akachungulia. Wagdi alikuwa ameinama kando ya mdomo wa mashine, kama mtu anayenawa bombani, akiacha vumbi limwangukie mabegani na nyweleni. Alijipangusa usoni tu, kwa uangalifu, kama bibi harusi anayeogopa wanja usifutike.

Sabri alimwona kwanza. "Shemeji, karibu," alisema, na uso ukamporomoka.

Inshirah aliweka kile chakula juu ya kigoda. Akatoka. Njiani kurudi alilia, na alichokililia hasa ni lile vumbi. Karakana zinafungwa kila siku katika mji ule. Watu wametaka makochi mepesi, na mbao za kutoka ng'ambo zimepanda bei tangu pauni ishuke. Hilo angelielewa. Lakini mtu kujipaka uchovu asiokuwa nao, kisha kukubali kuambiwa "pole kwa kazi"!

Wagdi alirudi mapema siku ile, mikono mitupu. Alikaa jikoni kwenye kiti cha mtoto, magoti yamemfika kidevuni.

"Sikutaka ujue nimeshindwa," alisema.

"Na zile pesa juu ya friji?"

"Za kukopa."

"Kwa nani?"

Akataja. Haji Mitwalli, mfanyabiashara wa mbao, pauni elfu sitini. Na kwake ametia saini hati tano za amana. Mafundi wawili, mishahara yao. Kodi ya karakana.

"Ndiyo mwisho?"

"Ndiyo mwisho."

Baada ya siku chache kaka yake Inshirah, Lutfi, alipiga simu. "Dada, sikukimbizi, lakini mumeo aliniambia zile elfu kumi na nane alizokopa ni za dawa zako. Umepona?"

Usiku ule Inshirah alihamia chumba cha binti yao Samah. Deni la nne liliuma kuliko yale matatu kwa pamoja, kwa kuwa yale alifichwa, na hili aliuliza akadanganywa macho kwa macho. Tena kwa jina la ugonjwa wake yeye, mwanamke asiyeumwa hata jino. Alilala ameukumbatia mto, akijiuliza swali moja tu: je, nitaweza tena kuulizwa na watu "mumeo yuko wapi" nikajibu bila kusita?

Mama yake alimwambia arudi nyumbani kwao. Inshirah aliwaza juma zima. Ijumaa, baada ya swala, alichemsha chai, akamwita Wagdi mezani.

"Sijasamehe," alisema. "Lakini nataka kujaribu, na nitakuambia namna. Kwanza, dhahabu yangu haiingii. Nikiiuza tukalipa yote leo, kesho mtoto akiumwa tutakopa tena, na tutakuwa tumeanza upya bila hata bangili."

"Sikuiomba."

"Najua. Ndiyo maana ungali unakunywa chai yangu."

Wagdi akacheka kidogo, kisha akaogopa kuwa amecheka.

"Pili, hatukopi kwa mtu ili tulipe mtu. Tatu, kwa kila anayetudai tunakwenda wote wawili. Nne, habari za pesa ni Ijumaa, hapa, mpaka birika liishe. Likiisha, tumenyamaza. Sitaki kukuuliza kila jioni kama polisi, na wewe usinipe sababu."

"Na ukiniuliza nisiwe na jibu zuri?"

"Nipe baya. Mimi baya naweza kulipika. Uongo haupikiki."

Waliuza mashine ya msumeno, pesa zikaenda kwa mafundi wale wawili kwanza, kwa kuwa walikuwa na watoto na hawakuwa na hati yoyote ya kumtishia mtu. Mwenye karakana alichukua amana ya pango na meza za kazi, akafuta kodi yake. Wagdi alibaki na patasi zake tu, zimeviringishwa katika ngozi.

Kisha wakaenda kwa Haji Mitwalli. Hili ndilo Wagdi aliloliogopa. Hati ya amana si kama deni la dukani. Inasema umekabidhiwa pesa ili umfikishie mtu mwingine. Usipoweza kuonyesha umezifikisha, ni kesi ya jinai, unafungwa. Watu wanaitia saini kwa haya, wakiona vibaya kumkatalia muuzaji anayekuita mwanangu. Wagdi alitia tano, na mojawapo mahali pa kiasi palikuwa patupu.

Haji alikaa kati ya marundo ya mbao, tasbihi mkononi. "Fundi Wagdi! Umekuja na mke wako anililie?"

"Sikuja kulia, Haji," alisema Inshirah. "Machozi yangu ni ghali siku hizi."

Mzee akamtazama vizuri. "Haya. Semeni."

"Elfu mbili kila mwezi," alisema Inshirah. "Hati tano, kila moja elfu kumi na mbili. Kila tukitimiza hati moja, unatupa, tunaichana hapa hapa. Na ile tupu tuijaze kiasi leo, mbele ya karani wako."

"Elfu mbili! Binti yangu, mpaka hapo nitakuwa nimezikwa. Mwanangu Wagdi, wewe ni mwanamume wa maneno. Elfu tano. Mtu mwenye mikono yako elfu tano zinamshinda?"

Inshirah alimjua mumewe. Aliona kifua kikipanda, na ile ahadi ikija kinywani, ahadi ile ile iliyowafikisha pale. Wagdi hakuwahi kumkatalia mtu anayemsifu mikono. Inshirah angeweza kumkanyaga mguu. Hakumkanyaga. Alishika mkoba wake, akasubiri ajue ameolewa na nani.

"Zinanishinda, Haji," alisema Wagdi. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Kuanzia kesho mimi ni kibarua kwa Sabri. Kwa siku napata mia nne, siku zenye kazi. Nikikuahidi tano, mwezi wa tatu nitakukimbia njiani. Mbili nitakuletea hata mwezi mbaya."

Tasbihi ilisimama.

"Kwa Sabri? Wa mbao za kushindilia?"

"Ndiyo huyo."

Haji alicheka hadi akakohoa, kisha akaacha kucheka. Alikuwa mchoyo lakini hakuwa mjinga. Mtu akifungwa, halipi. "Karani," aliita, "lete zile hati. Na lete chai, huyu mama ametoka mbali."

Walitokea mtaa wa pili tu.

Kwa Lutfi Wagdi alikwenda bila kusindikizwa. Aliomba mwenyewe iwe hivyo. Hakuna aliyejua walisemezana nini. Lutfi alimwambia dada yake tu kwamba atapokea lake mwishoni, baada ya Haji, na kwamba Wagdi alimwomba radhi akiwa amesimama, akakataa kuketi mpaka amalize.

Miezi ikaenda. Wagdi alirudi na vumbi la kijivu lenye gundi, la halali, na Inshirah alilikung'uta bila kucheka. Hati ya kwanza ilichanwa kwa Haji. Inshirah alichukua vipande, akawashia jiko. Bado alilala kwa Samah.

Wazo la makochi ya kale lilitoka kwake, Ijumaa moja birika likiwa nusu. Wasioweza kununua mapya wana ya zamani yaliyovunjika mguu. Wagdi angetengeneza nakshi, yeye angeshona vitambaa, hapo hapo sebuleni. "Lakini arubuni kwanza," alisema. "Mteja analipa mbao na kitambaa kabla hatujagusa. Asiyelipa, tunamwombea heri."

"Watasema tunanyanyasa."

"Waseme. Wewe ulikuwa mpole, tukaona."

Kazi zilikuja moja moja. Wiki ya mwisho ya Ramadhani walimaliza viti sita vya mjane mmoja. Akavichukua Wagdi mwenyewe kwa mkokoteni, arudi na salio. Salio lile ndilo lilikuwa siagi, unga na karanga za kaki, zile biskuti za sikukuu, na viatu vya Samah. Mtaa mzima ulinuka siagi. Sabri alikuwa amefunga karakana tayari.

Kabla ya kufuturu Inshirah alisikia hatua ngazini. Zilisimama mlangoni kitambo. Zilirudi ngazi moja chini. Akaacha kukata nyanya. Alijua kuna mlango wa jirani huko chini, kuna Sabri mtaa wa pili, kuna watu wengi wema wa kumsaidia fundi asiingie nyumbani mikono mitupu mkesha wa sikukuu.

Ufunguo ukageuka.

Wagdi aliingia na shati lake jeupe, safi, halina hata chembe. Alisimama katikati ya jiko, akafungua viganja.

"Hakuna kitu, Mama Samah. Yule mjane amesema baada ya sikukuu, mwanawe hajatuma pesa. Vitambaa vyake vilikuwa na arubuni, kwa hiyo hatujapoteza, lakini leo hakuna. Sabri alinipa elfu moja njiani. Nilizishika." Akavitazama viganja vyake. "Nilizishika kutoka kwa mwokaji mpaka chini ya ngazi zetu. Nikarudi nikamrudishia."

Inshirah alichukua unga uliokuwapo na mafuta ya kupikia mahali pa siagi, akamwita Samah aje akande. Kaki zikawa chache, ngumu, hazina karanga ndani.

"Vua shati," alimwambia mumewe.

"Halina vumbi."

"Nimeona. Vua."

Alitoka nalo roshani, akalikung'uta mara mbili tatu juu ya nguo za jirani wa chini. Hakikuanguka kitu.

"We Mama Samah!" jirani akapaza sauti kwa mazoea, akatazama juu, akashangaa. "Unakung'uta nini?"

"Shati la mume wangu," alijibu Inshirah, akicheka.

Usiku ule alichukua mto wake kutoka chumba cha Samah.