Mdomo wa Shangazi na Uzi Mmoja wa Kebo

Shangazi yangu hutia kebo mdomoni. Simsingizii. Mtaa mzima unajua, ndiyo maana wanamwita Fundi Mdomo, ingawa wapo wanaosema jina hilo alilipata kwa matusi. Kebo imelala darini miaka, panya wamepita juu yake na kuacha walichoacha, yeye anaichuna ncha, anaileta kwenye mdomo wa chini, anaipitisha taratibu, halafu anatema pembeni. Ptuu. Mimi hugeuza uso. Naishi naye tangu nilipoacha shule darasa la nne, na kinyaa hakijaniisha.

Sababu anayo. Kebo ya dishi ukiikata utakuta katikati waya mmoja mgumu wa shaba. Waya umevikwa sponji nyeupe, sponji imevikwa karatasi ya bati, juu ya bati kuna wavu wa nyuzi nyembamba kama nywele, na juu kabisa ngozi nyeusi ya plastiki. Ule wavu na ile shaba ni kama mtu na mkwewe waliokosana: nyumba moja, lakini wasigusane. Uzi mmoja wa wavu ukiponyoka ukaigusa shaba, ni shoti, picha hakuna. Macho ya shangazi yameanza kuingia ukungu na miwani hataki. Kwa hiyo anapapasa kwa mdomo pale shaba inapotokea kwenye sponji. Uzi ambao jicho halijauona, mdomo unauhisi ukichoma.

Kazi yake kubwa iko kwenye nyumba ya wageni ninakofua mashuka. Ninayoyakuta kwenye mashuka hayo sitayaandika hapa, watu wanasoma huku wanakula. Jengo lina ghorofa nyingi kuliko mengine yote ya mtaa, basi hata wenye maduka wa ng'ambo ya barabara wameweka madishi yao juu ya paa letu, na yote kayafunga shangazi. Mwenye ufunguo wa paa ndiye mwenye kazi ya mtaa. Ufunguo huo shangazi huuvaa shingoni kwa kamba, na akipanda ngazi mikono yote miwili ikiwa na vitu, anauuma kwa meno.

Akaja msimamizi mpya. Tulimwita Mama Sabuni, kwa sababu alinukia dawa ya choo kutoka kichwani mpaka kwenye viatu, na kila alichokishika alikifuta kabla na baada. Alihamisha ofisi kutoka juu akaileta chini karibu na mlango, na dekoda inayolisha televisheni zote ikahama naye. Kebo ya dishi ikawa fupi. Shangazi alikuwa amelazwa na homa, kwa hiyo aliyeirefusha ni baba mdogo, yaani mdogo wake shangazi. Huyo wanamwita Upesi. Aliunga kebo mpya na ya zamani ndani ya chumba changu cha kufulia, juu ya mabeseni, akamaliza kabla maji yangu hayajachemka.

Shangazi alipopona akaja kufunga ncha ya mwisho, ile inayoingia kwenye dekoda. Akachuna, akainama, akainyanyua kebo kwenda mdomoni.

"Weee!" Mama Sabuni akaruka kama kakanyaga chura. "Unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima kwa mate? Kitu hicho kinakaa mezani kwangu! Mimi nakishika!"

"Mama, mdomo wangu haujaua mtu."

"Bado. Vaa hizi." Akamtupia glavu za mpira, zile nene za manjano za kuoshea vyoo. Zilikuwa mpya kwenye mfuko, lakini harufu ya mpira tu ilinitosha.

Shangazi alizivaa huku midomo kaibana. Nilikuwa mlangoni na mashuka. Alikunja nyuzi za wavu nyuma, akazilaza juu ya ngozi nyeusi kama nywele zilizopakwa mafuta. Akasukuma konekta, kile kichwa cha chuma kinachofungwa kwenye ncha ya kebo, mpaka uso mweupe wa sponji ukawa sawa na sakafu ya ndani ya konekta, na shaba ikachomoza kidogo mbele ya nati. Halafu akaiweka kwenye koleo la kushindilia, lile linalosukuma shingo ya konekta izame ndani na kuikumbata kebo pande zote. Kak! Mlio mmoja. Konekta hiyo ikishazama haitoki, na maji hayaingii. Picha ikaja safi. Ila mdomo haukupita pale.

Wiki kadhaa baadaye, asubuhi Mama Sabuni alipokwisha kufuta dekoda yake kama kawaida, akiizungusha huku na huku, kioo kikawa cheusi, na maandishi yakatokea kwamba waya wa dishi umepiga shoti. Wageni wakaanza kushuka na kandambili, wananung'unika. Shangazi akaitwa, na baba mdogo naye akaitwa.

"Nimechoka na mafundi wawili," Mama Sabuni alisema akiwa ameshika pua, maana shangazi alitoka kwenye dari la mtu. "Leo namtaka mmoja. Aliyeharibu asikanyage tena hapa."

Shangazi akacheka. "Unauliza mtu? Muulize huyo Upesi kebo anaichuna kwa kitu gani. Kwa meno! Kama mbwa na mfupa."

"Dada, wewe unalamba, mimi nang'ata," baba mdogo akasema. "Mama katuzaa na njaa."

"Nyamaza. Mama, sikiliza." Shangazi akaukamata ufunguo pale kifuani. "Shoti ikiwa kwenye kazi ya mkono wangu, ufunguo wa paa huu hapa, chukua, mpe huyu. Na madishi yote ya mtaa na yawe yake."

Baba mdogo aliacha kucheka. Chakula chetu kinatoka kwenye paa lile.

Shangazi alianzia chumba changu cha kufulia. Dekoda ikazimwa, akaachanisha kebo pale kwenye muungo, ya juu huku, ya ofisini huku. Ikawashwa. Maandishi ya shoti yakabaki vilevile.

"Umeona?" akamwambia Mama Sabuni. "Juu kuko salama. Kule kwenye dishi nilifunga konekta ya kubana, pete yake imekamatwa pande sita na koleo lake hasa, si koleo la misumari linaloponda pete kama kopo lililokanyagwa. Shoti iko hapa chini." Kisha akaigeukia konekta ya baba mdogo kwenye ncha ya kebo inayokwenda ofisini. "Na hapa chini kuna hii takataka."

Ilikuwa ya kuzungusha, ile isiyohitaji chombo, unaisokota kwa vidole juu ya ngozi ya kebo kama kifuniko cha chupa. Ndani ya chumba kikavu, kwa haraka, labda. Juu ya mabeseni ya maji ya moto, hapana. Shangazi aliivuta kwa vidole viwili tu, ikang'oka yote. Kikatoka kimaji cha kijani, chenye utelezi, na nyuma yake ganda la mayai ya mende. Tone likadondoka kwenye foronya niliyokwisha suuza. Mate yakanijaa mdomoni.

"Hii ni nini?" Shangazi aliisogeza karibu na pua ya mdogo wake. "Hii ni konekta au ni kidonda? Nyuzi umezisokotea upande mmoja kama mkia wa panya! Unanuka kazi yako? Nusa!"

"Dada, basi."

"Nusa!"

Mama Sabuni alikuwa kashafika nje ya mlango, kitambaa mdomoni. Wageni wawili walikuwa wanachungulia. Shangazi aliikata ncha ile iliyooza, akarudi nyuma mpaka kwenye shaba inayong'aa, akachuna upya. Safari hii alipitisha mdomo, hakuna aliyemzuia, akatema, akafunga konekta ya kushindilia. Kak! Akaiunga tena na kebo ya juu. "Washeni sasa muone."

Wakawasha. Shoti.

Nilisikia bomba langu likidondosha maji. Kipande cha chini kilikuwa na ncha mbili tu, hii aliyoimaliza sasa hivi, na ile ya ofisini. Yake.

"Dekoda imekufa," shangazi akasema. Lakini sauti ilikuwa imepungua.

Tukaenda ofisini. Dekoda ikazimwa, akafungua nati ya konekta yake, wakaiwasha bila kebo, na maandishi ya shoti yakaondoka. Dekoda nzima. Shangazi akaileta ile konekta usoni, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Sioni kitu. Safi kabisa hii."

Baba mdogo akawasha tochi ya simu, akachungulia ndani ya konekta. Nilidhani sasa atamrudishia yote, kidonda na mkia wa panya na kunusa. Badala yake akasema polepole, "Dada. Uko hapa. Mmoja." Akamshika mkono akamwelekezea. Uzi mmoja, mwembamba kuliko unywele, ulikuwa umebaki mbele wakati wenzake wanakunjwa nyuma, ukaingia na sponji, ukachungulia pembeni mwa shaba. Siku zote ulikuwa karibu tu. Kuzungushwazungushwa kwa kufutwa vumbi ndiko kulikouegemeza kwenye shaba.

"Nyani haoni..." baba mdogo akaanza.

"Malizia nikupige na koleo."

Hakumalizia.

Nilimtazama shangazi. Sijawahi kumwona akikitazama kitu chake kwa macho yale, macho anayotazamia kazi za wenzake. Alikunja uso kama aliyeuma kitu kibovu. Akasema, "Uchafu," na hakuwa anamwambia mtu. Akaikata konekta, ikaanguka mezani kwa Mama Sabuni. Konekta ya kushindilia haifunguliwi ikarekebishwa. Unakata, unaanza upya.

Ila kwanza akavua kamba shingoni. Kwa kuwa mkono mmoja ulikuwa na kebo na mwingine koleo, aliukamata ufunguo kwa meno, kamba ikapita kichwani, halafu akainama akaudondosha juu ya meza, mbele ya msimamizi. Ulikuwa umelowa. Uzi wa mate ulivutika, ukakatika.

"Nilisema," akasema. "Chukua."

Mama Sabuni aliutazama ule ufunguo. Mkono wake ulitoka kidogo, ukarudi. Akachukua kitambaa, akakikunja, akasogea tena, akaona kile kijitone kwenye meza yake iliyokwisha kufutwa, akarudi hatua moja nyuma. Akamtazama baba mdogo. Baba mdogo akaweka mikono mfukoni.

"Mimi siushiki," akasema. "Namjua huyo tangu utotoni."

"Utoe," Mama Sabuni akasema kwa kitambaa mdomoni. "Utoe mbele yangu!"

"Niupeleke wapi?"

"Popote! Juu huko unakokaa! Rudisha hiyo picha halafu uniachie ofisi yangu!"

Shangazi hakutabasamu. Alivaa ufunguo wake, akachuna kebo, akakunja nyuzi nyuma. Glavu za manjano zilikuwa pale pale dirishani, hakuzigusa. Akainua ncha, akaipitisha kwenye mdomo wa chini mara moja, akasimama, akaipitisha tena. Mama Sabuni alikuwa ameugeukia ukuta. Konekta ikaingia, kak, nati ikakazwa, picha ikaja.

Alipoondoka, msimamizi aliniita nikamwagie meza ile maji ya moto na dawa. Nilisugua mpaka vidole vikawa vyeupe. Ile konekta iliyokatwa niliikuta chini ya kalenda, na ule uzi umechomoza. Nilitazama nyuma nikaona hakuna mtu. Nikauleta kwenye mdomo wangu wa chini.

Ulichoma kweli. Nikakimbilia bombani nikatema, nikasukutua, nikatema tena.