Kipaza Kilichobaki Wazi Wakati wa Chai

Euphrasia alifundisha darasa la pili kwa miaka thelathini na moja, na mtu aliyezoea kunyamazisha watoto sabini kwa jicho moja hawezi kushindwa na kompyuta. Ndivyo alivyojiambia alipostaafu na kuchaguliwa katibu wa umoja wa vikundi vya wakulima wa alizeti. Kompyuta kweli haikumsumbua. Waliomsumbua ni watu wazima.

Zamani kila mkutano ulifanyika Musoma mjini, kwenye ukumbi wa kukodi pale Kamunyonge. Aliyekuwa Bunda au Butiama akishindwa kusafiri, alisikia maamuzi kama anavyosikia msiba wa mbali, mambo yakiwa yamekwisha. Euphrasia aliomba umoja ujaribu mkutano wa pamoja, wengine ukumbini, wengine kwa simu zao huko waliko. Mzee Masatu wa Kiriba alipinga tangu siku ya kwanza. Alisema hawezi kubishana na mtu asiyemwona miguu.

Jaribio la kwanza lilikuwa aibu tupu. Kompyuta iliwekwa mbele, wazee wakaongea kutoka nyuma, na wa mtandaoni wakaambulia vikohozi. La pili, wanachama sita wa Bunda walikaa katika duka moja, kila mtu na simu yake wazi. Sauti ikatoka simu hii ikaingia ile, ikazunguka mpaka ikapiga mluzi uliowafanya mbwa wa mtaani wabweke. Hapo mwenyekiti, mzee Thadeo, mtu mpole asiyependa ugomvi, alitamka mbele ya wote: "Tutajaribu mara ya tatu. Ikishindikana, Mama Euphrasia, tunarudi tulikotoka."

Basi Euphrasia hakulala kwa amani wiki nzima. Aliandika masharti kwa mwandiko wake wa ubaoni, akayabandika ukutani na kuyatuma kwa simu ya kila mwanachama pamoja na ajenda, kwa sababu aliye mbali haoni karatasi ya ukutani. Kipaza sauti kikae mezani, na mtu asiseme kabla hakijasogezwa kwake. Kila msemaji ataje jina lake kwanza. Walio chumba kimoja watumie simu moja tu, nyingine zitoke mkutanoni. Asiyeongea azime kipaza chake. Kura zipigwe kwa kuita jina, wa mtandaoni waanze. Na sharti la mwisho, alilolipigia mstari mara mbili: wakati wa mapumziko, kipaza cha ukumbini kizimwe.

Siku ilipofika alikuwa ukumbini saa nzima kabla ya wengine. Aliunganisha kompyuta na projekta ili nyuso za mbali zionekane ukutani, akaigeuza kamera itazame viti, akampigia Ghati wa Buswahili kujaribu sauti. Ghati alikuwa na mtoto wa wiki tatu, na bila simu ile asingehudhuria kabisa.

"Nakusikia vizuri, Mama," Ghati alisema. "Hata huyo jogoo wa hapo jirani namsikia."

Alfonsi, mtunza kumbukumbu wa umoja, alipewa kazi moja tu: kutazama nani wa mtandaoni ameinua mkono na kumtajia mwenyekiti, ili wasisahaulike kama mbuzi waliofungwa nyuma ya nyumba.

Mkutano ukaenda. Bunda walikuja na simu moja, safi kabisa. Mzee Masatu alipoanza kuongea kabla ya kipaza, Euphrasia alimtupia lile jicho la darasa la pili, naye mzee akasubiri kama mtoto aliyeshikwa na embe la wizi. Ajenda kubwa ilikuwa mashine mpya ya kukamua mafuta: iwekwe Kiriba au Buswahili? Kila upande ukasema, na kabla ya kura mwenyekiti akatangaza chai.

Euphrasia alikuwa amefurahi, na furaha ndiyo iliyomponza. Alikwenda kusaidia kugawa maandazi.

Ukumbini, vikombe mkononi, watu walifanya walichozoea miaka yote. Mambo ya umoja huu yalikuwa yakiamuliwa kwenye chai, na kura ilikuwa kugonga muhuri tu.

"Tumalize hapa hapa," Mzee Masatu alisema, akiegemea meza. "Iende Kiriba. Hawa wa kwenye ukuta watasikia matokeo."

Wenzake wakaguna kukubali. Mzee Thadeo akanywa chai yake bila kupinga, na kila mtu alijua hiyo ni ndiyo.

Simu ya Euphrasia ikatikisika mfukoni. Ujumbe wa Ghati ulikuwa mfupi: "Mama, tunawasikia wote."

Alitazama meza. Taa ndogo ya kijani ya kipaza ilikuwa inawaka. Sharti alilolipigia mstari mara mbili, amelivunja yeye. Angeweza kubonyeza kitufe akanyamaza, na Ghati, kwa heshima, huenda angenyamaza naye. Akikiri, anampa Mzee Masatu fimbo ya kumchapia. Lakini alikuwa ameadhibu watoto wangapi kwa kuficha makosa?

Watu walipoketi alivuta kipaza kwake.

"Mimi Euphrasia, katibu. Nimesahau kuzima kipaza wakati wa chai. Kosa ni langu. Wenzetu wamesikia kila kitu mlichosema."

Mzee Masatu akaangalia andazi lake.

"Mwenyekiti," Alfonsi akasema, "Ghati ameinua mkono."

Mzee Thadeo akafuta paji la uso. "Karibu, Dada Ghati."

"Mimi Ghati, wa Buswahili. Shikamooni wazee. Maongezi ya chai yalikuwa mazuri, ila kuna kitu hamkukitaja." Mtoto alilia kidogo, akambembeleza. "Hiyo mashine inataka umeme wa njia tatu. Fundi alisema. Pale kwetu upo, kwa ajili ya mashine ya kusaga. Mzee Masatu, baba yangu, hapo mnapotaka iwekwe nyinyi, upo?"

Kipaza kikasogezwa. Mzee Masatu alikuwa mbishi, lakini hakuwa mwongo.

"Mimi Masatu, wa Kiriba. Hapana. Wetu ni wa taa tu." Akakisukuma kipaza mbele kidogo. "Hilo hatukulifikiria."

Kura ziliitwa kwa majina, mtandaoni kwanza. Mashine ikaenda Buswahili, na kura ya Mzee Masatu ikiwemo. Kisha Euphrasia akauliza swali aliloliogopa: hii mikutano inaendelea, au jaribio limeshindikana?

"Kipaza kilichobaki wazi kimetuokoa kubeba mashine kuipeleka mahali isipoweza kuwaka," Mzee Thadeo alisema. "Inaendelea. Na mambo ya ajenda hayasemwi tena kwenye chai. Liandike hilo."

Euphrasia aliandika huku macho yakimlowa, akajidai ni moshi wa jikoni.

Mwezi uliofuata mvua ilikata barabara ya Kiriba. Alipofungua mkutano, ukutani ukatokea uso mkubwa, pua ikiwa karibu sana na kamera.

"Mimi Masatu, wa Kiriba. Mnanisikia?"

"Tunakusikia, Mzee. Sogea nyuma kidogo."

Mambo yalikwenda vizuri mpaka mwenyekiti alipotangaza mapumziko. Euphrasia akanyoosha kidole kwenye kitufe, safari hii bila kusahau.

"Mama Katibu," ile sauti ikaita upesi, "hicho kipaza ungekiacha. Mimi nawajua hao watu wakishika chai."

"Sharti ni sharti, Mzee," alisema, akakizima. Kisha akachukua kikombe chake na kiti, akaketi katikati ya ukumbi, mahali ambapo kila mtu angeliona jicho lake.