Paka wa Stoo ya Mahindi

Paka aliyewinda panya kwenye stoo yangu ya mahindi, hapa Chechelesi, alimwagiwa maji moto na mtu ambaye sikumjua. Mgongo ulichubuka, ukaanza kunuka. Niliapa atapona, lakini kila nilipomkaribia masikio yalilala nyuma na mkia ukachapa sakafu.

"Mama, akiwa hivyo usimguse, atakuuma," daktari wa mifugo aliniambia. "Usimkazie macho. Kaa chini, fumba macho polepole, fumbua, halafu angalia kando."

Jirani yangu, mama wa Kiborana anayeuza maziwa, alicheka. "Unasinzia na paka?"

"Nitasinzia mpaka akubali."

Kila nilipopata nafasi nilikaa chini kando ya magunia, nikifumba na kufumbua. Mchana mmoja masikio yake yalisimama yakielekea mbele, naye akanifumbia macho polepole. Sikumrukia. Nilinyoosha kidole, nikangoja. Alikuja mkia umesimama wima, ncha imepinda kidogo, akajisugua mkononi mwangu. Nikamfunga taratibu kwa leso, nikampeleka kwa daktari.

Alipona, ingawa manyoya hayakuota tena pale mgongoni. Jirani humwekea maziwa, na humfumbia macho akidhani simwoni.