Saa Zinaanza Maharusi Wakiingia

Nimefanya kazi nyingi hapa Butembo, lakini ni moja tu iliyonitaka niwe tayari wakati wote bila kuniahidi kazi wakati wowote. Ilikuwa kazi ya kuhudumia wageni katika ukumbi wa harusi, wenye mapazia ya zambarau na viti vilivyovishwa nguo nyeupe. Siku ya kutia sahihi, kijana aliyeusimamia ukumbi alitusomea mkataba kwa sauti ya mahubiri. Kukiwa na kazi, tutaitwa. Kusipokuwa na kazi, hatutaitwa. Tukiitwa tunaweza kukubali au kukataa, hakuna wa kumlazimisha mwenzake.

"Donc, muko libres," akasema, akafunga faili.

Tuko huru, basi; tukapiga makofi. Mpaka leo sijui tulikuwa tunampigia nani.

Kijana huyo, tuliyemwita gérant, alikuwa mtoto wa dada wa mwenye ukumbi. Alisomea uongozi wa kampuni huko Ulaya kwenye baridi, na wengine wanaporudi na friji, yeye alirudi na mkataba wa saa sifuri, ule usioahidi hata saa moja. Shangazi zake walimsifu kwamba ameelimika. Mwenye ukumbi mwenyewe, mama mfanyabiashara wa vitenge, alikuwa safarini mara nyingi kuliko alivyokuwa mjini, na akirudi aliuliza jambo moja tu: viti vingapi vimevunjika.

Uhuru wetu ulikuwa na ladha yake. Ukikataa kuitwa mara moja kwa sababu mtoto ana homa, simu ya gérant ilisahau namba yako kwa mwezi mzima. Ukikaa nyumbani ukiingoja ikuite, haikuita, kwa kuwa kazi zilikuwa zimekwenda kwa mashemeji zake, watu wenye nafasi tangu kuzaliwa. Wiki nyingine nilipata harusi mbili, wiki nne zilizofuata nikapata hewa. Na usidhani nilikuwa nimefukuzwa. Nilikuwa huru tu.

Mambo yalibadilika kwa sababu ya kuku. Kulikuwa na mradi mmoja wa wafadhili uliokodi ukumbi wetu kwa semina zake, na moja ya semina hizo ilihusu heshima ya mfanyakazi. Mgeni mmoja, akiwa na paja la kuku mkononi, alimwuliza mwenzangu anafanya saa ngapi kwa wiki. Mwenzangu akamjibu kwamba inategemea na Mungu na gérant. Mgeni akaacha kula. Muda si mrefu mradi ukamwambia mama wa vitenge kwamba hautakodi tena mpaka wafanyakazi wahakikishiwe kiwango cha chini cha saa. Mama akakubali kwa simu, akiwa uwanja wa ndege.

Basi tukapewa mkataba mpya. Kila mmoja alihakikishiwa saa nane kwa wiki, na wasipokupa kazi ya saa hizo, watakulipa hata kama umelala kwako. Tulicheza siku hiyo. Gérant naye alitabasamu, na mimi kwa ujinga wangu sikujiuliza kwa nini. Alikuwa ameongeza vifungu viwili vidogo. Saa ulizopewa ukazikataa zinahesabika kuwa umepewa. Na ukikataa mara tatu mfululizo, umeacha kazi kwa hiari yako.

Kifungu kimoja cha zamani alikiacha palepale, tena nadhani ndicho alichokipenda zaidi: siku ya harusi, saa za kazi zinaanza maharusi wakiingia ukumbini. Kwa asiyejua harusi zetu, hilo ni neno dogo. Kadi ya mwaliko inasema saa nane mchana. Sisi tunafika saa saba, tunapanga viti, tunafuta glasi, halafu tunasimama ukutani. Maharusi wanaingia saa kumi na moja wakiwa na haraka, saa kumi na mbili wakiwa watu wa kawaida. Kusimama huko kote hakukuwa kazi. Gérant alisema ni kujitayarisha moyoni.

Kisha akatuandikia kwenye kikundi cha WhatsApp, kwa upole, kila mmoja aseme ni wakati gani hana nafasi, ili kazi zigawanywe kwa haki. Tulisema kweli. Mimi nina kwaya Jumapili asubuhi. Mpishi wetu wa pilau, Mwislamu wa kutoka Beni ambaye ndugu zake wote ni madereva wa malori, akasema Ijumaa adhuhuri. Na mwenzetu wa tatu, mama wa watoto watatu ambaye mume wake alikwenda kulima kakao upande wa Eringeti na habari zake zinakuja kwa nadra, akaandika kwamba yeye ni Msabato: tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka linapozama la Jumamosi, hafanyi kazi. Siku na saa nyingine zote alikuwa tayari.

Wiki iliyofuata kazi zikagawanywa. Mimi nilipewa Jumapili kuanzia saa mbili asubuhi, kusugua masufuria. Mpishi alipewa Ijumaa, saa nne asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mama Msabato alipewa Jumamosi nzima.

Nilidhani ni makosa. Nikampigia gérant simu kuhusu hiyo Jumapili.

"Gérant, siku ya yenga niko na chorale. Niliandika."

"Mama, tulikupatia offre. Unakataa?"

"Sikatai kazi, nakataa siku ya yenga."

"Donc umekataa. C'est noté."

Imeandikwa, basi; akakata simu. Jumapili hiyo niliimba sauti ya kwanza kwa hasira mpaka mwongozaji akanitazama. Hapo ndipo tulipoelewa uzuri wa elimu. Tulikuwa tumemwambia mtu ni wapi hatuwezi kufika, naye akatupelekea kazi zetu zote hukohuko. Saa zetu nane za wiki zilikuwa zimetolewa, sheria ya mradi imetimizwa, na harusi za kweli zilibaki kwa mashemeji.

"Ule kijana anajua dini zetu kupita bapasteur," mpishi akasema. Yeye alikuwa mtu wa kucheka hata akiungua mkono. Mimi sikucheka.

Mimi na mpishi tulijiokoa kwa kukubali kila tulipokaribia kukataa mara ya tatu. Mimi niliacha kwaya Jumapili moja, na naumia hadi leo nikikumbuka. Lakini mama Msabato hakuwa na Jumamosi ya kuacha. Alikataa ya kwanza. Akakataa ya pili. Tukajua ya tatu inakuja, na ikija ndiyo mwisho wake, na watoto watatu hawajui habari za vifungu.

Ikaja: harusi ya Jumamosi, kuanzia saa nane mchana. Nilikwenda kwake nikamshauri aje tu, Mungu ataelewa.

"Mungu ataelewa," akasema. "Mais mie sitajielewa."

Usiku huohuo akaandika kwenye kikundi, mbele yetu sote: "Nakubali. Nitakuwa pale mbele ya bamariés baingie." Gérant akatuma kidole gumba. Nadhani hakusoma mpaka mwisho, paliposema kabla ya maharusi kuingia.

Jumamosi saa nane gérant alihesabu watu ukutani, akaona pengo. Akaniuliza yuko wapi. Nikamwambia atafika kabla ya maharusi. Akatoa simu, akasoma ule ujumbe upya midomo ikicheza. Kuanzia dakika hiyo akawa mtu wa kwanza katika historia ya Butembo kutaka harusi ianze kwa wakati. Maharusi wakiingia kabla ya jua kuzama, mwenzetu amekwisha.

Alimpigia dereva wa gari la bibi harusi. Alimpigia mjomba wa bwana harusi. Alituma motard na pikipiki yake kanisani akaulize mahubiri yamefika wapi, motard akarudi na jibu kwamba mchungaji bado yuko kwa Adamu. Mimi, ambaye siku zote nanung'unikia mahubiri marefu, nilisimama nimeshika trei nikimwomba Mungu ampe mtumishi wake pumzi zaidi. Baada ya kanisa kulikuwa na picha. Baada ya picha ikanyesha mvua ndogo, ya kutosha tu kuharibu barabara. Gérant akampigia shangazi wa bibi harusi kumsihi waache kuzunguka mji na honi, waje moja kwa moja. Sauti ya shangazi tuliisikia sote.

"Unataka harusi iishe ju ya nini? Kuko nani mugonjwa?"

Hata hivyo walikuja mapema kuliko nilivyotaka. Honi zilisikika chini ya kilima, na jua lilikuwa bado linagusa mabati ya nyumba za juu. Magari yakasimama langoni. Gérant akafungua milango yote miwili kwa mikono yake, akainama, akawakaribisha. Lakini bibi harusi alikuwa na tope kwenye kiatu, na hakuna bibi harusi wa hapa atakayeingia ukumbini na tope mbele ya mama mkwe. Wakatafuta maji, wakatafuta kitambaa, wakabishana ni nani aliyesahau viatu vya pili. Mabati yakawa meusi.

Mama Msabato akaingia kwa mlango wa jikoni. Alikuwa ameomba na watoto wake wakati jua linazama, akapita kando ya magari yote kwa miguu. Akafunga aproni. Muziki ukaanza, na maharusi wakaingia wakicheza, hatua mbili mbele, moja nyuma.

Mama wa vitenge alikuwapo siku hiyo, maana bwana harusi alikuwa mtoto wa mfanyabiashara mwenzake. Chakula kilipokwisha kugawanywa, gérant alimleta jikoni na kumwonyesha mama Msabato.

"Kazi ilikuwa ya saa nane, yeye amekuya magaribi. Ni refus ya tatu. Contrat yake imeisha."

Mama Msabato hakujitetea. Aliuliza tu, "Gérant, masaa inaanza wakati gani?"

Mama wa vitenge, ambaye hubadilisha pesa za nchi tatu kichwani huku akila, alimgeukia mtoto wa dada yake.

"Jibu. Kama inaanza saa nane, tuko na deni ya hawa bote, ya harusi yote bamengojea?"

Kisha akatutazama sisi, safu nzima, trei mikononi. Yeyote angeweza kusema. Maneno yalinifika menoni. Nilikumbuka alasiri zote zile, miguu imevimba, glasi zimefutwa hata zimechoka, na kwamba neno moja, "ndiyo, saa nane", lingenirudishia zote. Lingemwondoa na mama Msabato. Nilikasirika vibaya kwamba ilibidi nichague mimi, si yule kijana. Nikafunga mdomo. Mpishi akachungulia ndani ya sufuria ya pilau iliyokuwa tupu. Hakuna aliyesema.

"Basi," mama wa vitenge akasema, "inaanza bamariés bakiingia. Huyu mama alifika mbele yabo. Aendelee." Akamwambia gérant kwamba kuanzia kesho kila mtu apewe saa pale aliposema ana nafasi, na kazi ikizidi, aanze na aliyepata kidogo. "Hata kwa duka yangu, mutu hapana kuuziwa kitenge ya mutu mwingine."

Kwa hiyo haki iliingia kwetu kwa sababu kumfukuza mtu kulikuwa ghali. Ratiba sasa ni nzuri, sina la kusema. Kuhusu kungojea, tunangojea bure hadi leo, kwa kuwa sisi wenyewe tulinyamaza mbele ya mashahidi.

Wageni walikuwa wanacheza, sahani zikaanza kurudi. Mama Msabato alizamisha mikono kwenye beseni, nami nikasimama kando yake na kitambaa. Alisugua sahani kadhaa bila kuinua kichwa.

"Aksanti kwa masaa yenu," akasema.